Mali Kauli Mbekenyera: Mafunzo Niliyopata

Nauza kwa jumla sukari, sabuni, unga na mafuta ya kupikia. Wateja wangu wakubwa ni wenye maduka ya vijijini kuzunguka Mbekenyera, na wengi wao huchukua mzigo kwa mali kauli: wanauza kwanza, wanalipa baadaye.

1. Ukimkopesha mwenye duka, umemkopesha na mkulima wake.

Duka la kijijini lina daftari la madeni, na majina yaliyomo ni ya watu wanaosubiri ufuta au korosho. Kwa hiyo kabla ya kumpa mtu mzigo wa mkopo naomba kuliona daftari lake. Sihitaji kujua nani anadaiwa nini. Naangalia jumla, na naangalia kama kuna mistari iliyokatwa, yaani watu wanaolipa. Duka lililojaa bidhaa halinidanganyi tena, maana zile bidhaa huenda ni zangu na za wauzaji wenzangu wawili.

2. Kikomo kinatokana na mzunguko wa duka.

Wengine humpima mteja kwa nyumba ya bati au pikipiki. Mimi namuuzia kwa fedha taslimu kwanza, hadi nijue kwa wiki anachukua mzigo wa kiasi gani. Akiwa ananunua wa shilingi 400,000 kila wiki na unaisha, kikomo chake ni wiki mbili, yaani 800,000, na muda wa kulipa ni siku 14. Sukari na sabuni hazikai dukani zaidi ya hapo. Zikikaa, amechukua mzigo mkubwa kuliko uwezo wa kijiji chake.

Hesabu inayonifanya niwe mgumu ni hii: ndoo ya mafuta ninayoiuza 100,000 hunipa faida ya 2,500. Ndoo moja isipolipwa, lazima niuze nyingine 39 ili nirudi nilipokuwa.

3. “Korosho zikiuzwa” si tarehe.

Huku korosho hupitia AMCOS, kisha ghala kuu, kisha mnada wa chama kikuu cha RUNALI kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale. Baada ya mnada mnunuzi hulipa, fedha hupita mikononi mwa chama, ndipo ziingie kwenye akaunti ya mkulima. Mtu akisema “mnada umeshafanyika”, bado hajasema kwamba fedha zimefika.

Aliyekuwa na duka mwaka 2018 anakumbuka. Wakulima walizikataa bei za mnadani, na mwezi Novemba Serikali ikatangaza kuzinunua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Ukafuata uhakiki wa wakulima na mashamba, kwa sababu ya kangomba, na wako waliosubiri malipo yao hadi mwaka uliofuata. Bei ilikuwa nzuri. Fedha ndizo zilizochelewa. Mwenye duka aliyeahidi kulipa “korosho zikiuzwa” hakuwa amevunja ahadi hata kidogo.

Ndiyo maana ankara yangu ina tarehe ya kalenda, na mteja anatia saini pale anapopokea mzigo.

4. Kumbusha kabla deni halijachelewa.

Siku tatu kabla natuma ujumbe: “Shikamoo mama. Nakukumbusha ankara namba 114 ya shilingi 300,000, mwisho wake Ijumaa. Utatuma kwa simu au nipite dukani?” Swali la mwisho linamwachia namna ya kulipa, si kama atalipa. Ijumaa ikipita, Jumamosi napiga simu. Wiki ikipita naenda mwenyewe, mchana wakati duka limetulia. Mbele ya wateja wake sitaji deni kamwe. Naomba maji, naulizia nyumbani, nangoja wateja watoke. Anayedaiwa hadharani huanza kukwepa simu, na hapo umepoteza fedha na mnunuzi.

5. Mzigo usisimame, mkopo ndio usimame.

Mama wa ankara namba 114 alichelewesha hiyo 300,000 huku akidaiwa nyingine 460,000 ambayo muda wake haukuwa umefika. Ukimnyima bidhaa kabisa, duka linabaki tupu na hana cha kukulipa. Tulikubaliana anunue kwa fedha taslimu, na kila wiki aongeze 50,000 ya deni la zamani. Deni hilo lingekwisha kwa wiki sita. Ile 460,000 ilibaki na tarehe yake. Tuliandika nakala mbili, tukatia saini, na kila alipolipa niliandika kwenye nakala zote mbili kiasi kilichobaki.

Wiki ya tatu alileta 20,000. Niliipokea na nikamuuliza imekuwaje, akaniambia wakulima wake wameanza kupalilia na hakuna fedha kijijini. Tukashusha rejesho, tukasogeza tarehe ya mwisho. Alipomaliza nilimrudishia mkopo, lakini kwa kikomo cha 400,000.