Kona ya Dada: Video Yako Ikitazamwa Bila Sauti

*Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii, mkoani Shinyanga. Nimerekodi video fupi kwa simu nikionyesha namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, nikaiweka kwenye stetasi ya WhatsApp. Wengi wameitazama, lakini mama mmoja akaniuliza, "Ni kijiko kizima cha chumvi au nusu?" Wakati nimesema wazi kabisa! Nikajua aliitazama bila sauti. Nimeanza kubandika maandishi lakini yananichanganya: yanakuwa mengi, yanapita haraka, mengine hayaonekani. Nifanyeje?*

Huyo mama amekusaidia sana, kwa sababu swali lake limekuonyesha mahali penyewe pa kuanzia. Watu wanafungua simu ndani ya daladala, kwenye foleni ya zahanati, usiku mtoto akiwa amelala pembeni. Sauti imezimwa. Wanauona mkono wako ukiwa na kijiko, lakini nusu uliyoitamka hawaisikii. Na kwenye somo lako chumvi ikizidi inamdhuru mtoto, kwa hiyo maandishi ndiyo yatakayobeba kipimo.

Kwanza kabisa, usiandike kila neno ulilolitamka. Mdomo unakwenda haraka kuliko jicho la mtu anayesoma huku akitazama na picha. Chukua sentensi kama hii ya kwako: "Sasa wapendwa, mnachukua ile chumvi yenu ya kawaida tu ya nyumbani, mnaweka nusu kijiko, namaanisha kile kijiko kidogo cha chai, wala msizidishe." Ukihesabu na nafasi zake, hizo ni herufi kama 145, na mtu huitamka kwa sekunde 7 hivi. Kipimo salama cha kusoma ni herufi kama 15 kwa sekunde moja. Maana yake msomaji anahitaji karibu sekunde 10, na wewe umempa 7. Atakuwa bado yuko kwenye "namaanisha kile" na maandishi yameshaondoka.

Punguza hadi kibaki kile ambacho mama lazima akijue:

Chumvi: nusu kijiko
cha chai, basi.

Hizo ni herufi 34 tu. Sekunde 3 zinatosha kuzisoma, nawe una 7, kwa hiyo ziache zikae muda wote mkono wako unapomimina. "Wapendwa" na "namaanisha" zinapendeza masikioni, ila kwa msomaji zinakula muda wa kipimo. Unachopunguza ni maneno ya kuzungumzia, maana yenyewe usiiguse. Kama umesema kijiko cha chai, "cha chai" isidondoke, kwa sababu kuna nyumba ambayo kijiko kilicho karibu ni cha kulia wali.

Pili, angalia unapokatia mstari. Hapa ndipo penye hatari ambayo wengi hawaioni. Tuseme maandishi yako yanaonyesha "Weka nusu", yanafutika, kisha yanatokea "kijiko cha chumvi". Mtu aliyeinua macho kwenye simu katika kipande cha pili anasoma kijiko kizima. Hujakosea neno hata moja, na bado ujumbe umegeuka. Kipimo na kitu chake vikae pamoja kwenye kipande kimoja, na ikiwezekana kwenye mstari mmoja. Mistari isizidi miwili kwa wakati. Kwa video ya simu iliyosimama, kila mstari ubaki chini ya herufi 30 hivi, la sivyo utalazimika kudogosha maandishi mpaka yasisomeke.

Angalia pia yale maneno ya kukataza. Kwenye Kiswahili katazo limejificha ndani ya kitenzi: "usimwachishe" na "mwachishe" zinatofautiana kwa herufi chache, na jicho lenye haraka linaziruka. Ukitaka kumwambia mama asiache kunyonyesha mtoto anapoharisha, usiandike "Usimwachishe ziwa". Andika "Endelea kumnyonyesha". Jambo ni lile lile, ila sasa hata aliyesoma nusu amepata upande sahihi.

Tatu ni wakati wa kutokea. Maandishi yaanze pale mkono unapoanza kufanya kitendo hicho, na yaondoke kitendo kinapokwisha. Yakitangulia, mama atasoma "sukari" huku anakuona unachota chumvi, na vyote viwili ni vyeupe! Hapo atachanganya, na hutajua.

Sasa tuipange video yako yote. Kichwa kikae sekunde chache za mwanzo: "Mtoto anaharisha? Mpe maji haya." Mtu asiyesikia hana njia nyingine ya kujua video inahusu nini. Kinachofuata ni maji: "Maji safi lita 1, yaliyochemshwa na kupoa." Kisha chumvi, kisha sukari, kisha "Koroga mpaka iyeyuke". Kisha weka onyo la muda: "Yakipita saa 24, mwaga. Tengeneza mengine." Halafu ongeza kipande kinachosema pakiti za zahanati ni bora zaidi zikipatikana, na kwamba mtoto aliyelegea au asiyeweza kunywa apelekwe kituoni mara moja. Vipande saba au vinane vinatosha video nzima.

Kuhusu namna ya kuyaweka, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuyabandika ndani ya picha yenyewe kwa programu ya kuhariri kwenye simu, kama CapCut. Kwa stetasi ya WhatsApp tumia hii, kwa sababu video ikitumwa kutoka simu hadi simu maandishi yanakwenda nayo. Ubaya wake ni kwamba ukishakosea, hakuna kurekebisha kilichokwisha kusambaa. Basi hifadhi nakala moja safi isiyo na maandishi, ili ukitaka kusahihisha usirekodi upya.

Njia ya pili ni faili la manukuu linalokaa pembeni ya video. YouTube inalipokea, na mtazamaji anaweza kuwasha au kuzima maandishi. Faili hilo ni maandishi ya kawaida yenye jina linaloishia na `.srt`. Vipande vyako viwili vya chumvi na sukari vingekaa hivi:

```
3
00:00:14,000 --> 00:00:20,000
Chumvi: nusu kijiko
cha chai, basi.

4
00:00:21,000 --> 00:00:26,000
Sukari: vijiko 6 vya chai,
vilivyosawazishwa.
```

Namba ya juu ni ya mpangilio. Mstari wa pili ni saa, dakika na sekunde za kuanza na za kuondoka. Baada ya sekunde kuna mkato, si nukta, halafu tarakimu tatu. Kati ya kipande na kipande acha mstari mmoja mtupu. Ukisahau mstari huo, vipande vinaweza kugandana, na namba na saa zikatokea kwenye kioo kama sehemu ya maneno. Ukiona hivyo, rudi ukatafute pengo lililokosekana. Ukitaka kulijaribu kwenye kompyuta, liweke faili hilo pamoja na video katika folda moja, yote yakiwa na jina moja, kisha fungua video kwa VLC.

Programu nyingine husikiliza sauti na kukuandikia zenyewe. Ukitumia hizo, soma kila kipande kabla ya kukikubali, na uanze na namba, vipimo na makatazo. Kosa kwenye "wapendwa" halimdhuru mtu, lakini kosa kwenye "nusu" linaweza kumdhuru mtoto.

Umesema mengine hayaonekani. Nadhani maandishi yako ni meupe, nawe umeweka bakuli la sukari juu ya kitambaa cheupe. Weka maandishi meupe juu ya kibao cheusi, hapo yatasomeka popote yatakapoangukia. Usiyaweke chini kabisa ya kioo pia. Kwenye stetasi pale ndipo mahali pa kujibu, na kwenye TikTok panakaa jina lako na maelezo, huku upande wa kulia ukiwa na vitufe. Yapandishe kidogo, karibu robo ya kioo kutoka chini, na uyaache katikati. Kama bakuli linakaa hapo hapo, hamishia maandishi juu. Mama anahitaji kuviona vyote viwili, kijiko na neno.

Na kama kuna sauti inayobeba ujumbe, iandike nayo. Ukionyesha mtoto anayelia bila machozi, ambayo ni dalili ya kupungukiwa maji, asiyesikia hatajua kama analia au anapiga miayo. Weka kwenye mabano: [Mtoto analia, machozi hayatoki]. Vivyo hivyo ukimhoji bibi anayezungumza Kisukuma: usiandike tu kwamba bibi anazungumza, weka tafsiri ya Kiswahili ya alichosema, fupi, na ianze pale anapofungua mdomo.

Kabla hujaituma, fanya jaribio hili. Zima sauti, punguza mwanga wa kioo, mpe simu mtu ambaye hajawahi kukusikia ukifundisha jambo hili. Aitazame mara moja tu. Kisha usimuulize kama ameelewa, maana atakuambia ndiyo kwa heshima. Muulize: maji kiasi gani, chumvi kiasi gani, sukari kiasi gani, kijiko gani? Akitaja lita 1, nusu, vijiko 6, na cha chai, tuma. Akisita kwenye chumvi, usimweleze kwa mdomo. Rudi kwenye kipande cha chumvi, kiongeze sekunde mbili, kikuze, halafu utafute mtu mwingine wa kumpa simu, kwa sababu huyu wa kwanza tayari anajua unauliza nini.

Ile video ya kwanza ifute leo, mdogo wangu, na uwaombe waliokwisha kuihifadhi waitumie hii mpya badala yake.