Maneno 250 baada ya Alfajiri

Ndugu mwanafunzi wa uzamili, tuseme tasnifu yako imebakiza maneno 15,000. Ukiandika maneno 250 kwa siku, siku tano kwa juma, utamaliza rasimu kwa siku 60 za kazi, yaani majuma 12.

Chagua saa isiyohamahama. Bujumbura iko karibu na ikweta, na jua huchomoza karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Kwa hiyo muda baada ya swala ya Alfajiri haubadiliki sana. Kaa dakika 45 kabla ya kufungua simu. Umeme ukikatika, andika kwenye daftari.

Kinachowakwamisha wengi ni kusahihisha huku wakiandika. Ukikosa rejeo au takwimu, weka alama XX kisha endelea; mchana utaitafuta kwenye kompyuta na kujaza pengo. Ukifikisha 250, acha, lakini kwanza andika sentensi moja ya kesho, kwa mfano: "Kesho: kwa nini wauza samaki walikataa mkopo." Hutaamka ukikodolea macho ukurasa mtupu.

Siku iliyopotea usiilipe kwa kuandika maneno 500 kesho yake, maana deni hukua na mtu hukimbia kazi. Ukikosa siku tatu kati ya tano, kiwango ni kikubwa mno; shusha hadi 150. Hapo utahitaji majuma 20.

Hesabu hii hupima rasimu tu. Jumamosi soma ulichoandika, ukate yasiyofaa, kisha uhesabu upya yaliyobaki.