Mnunuzi Asiyesema

Likizo ya Desemba huangukia katika msimu wa korosho, na wakati huo mimi huuza kanga katika duka la mjomba wangu hapa Masasi. Watu wengi huteremka kutoka Newala kuja kununua nguo. Wasomaji wapenzi, nataka kuwaeleza habari za mnunuzi mmoja tu, yule aingiaye kimya, akatazama, wala asiulize kitu.

Wauzaji wengi humwuliza mara moja, "Nikusaidie nini?" Naye hujibu, "Natazama tu." Basi mlango umefungwa, kwa maana akishatamka hivyo huona haya kugeuza neno lake, hata kama fedha anazo katika fundo la kanga.

Mjomba alinifundisha kuamkia na kunyamaza. Nasema, "Shikamoo, mama. Pole na safari." Maneno hayo hayamdai jibu la kununua. Baada ya marahaba narudi kukunja nguo, lakini karibu naye, nikiangalia mkono wake. Mkono unaopita juu ya nguo zote ni wa mtu anayepoteza muda akingoja gari, naye huyo ni vyema kumwacha. Lakini mkono unaorudi mara ya pili kwenye doti ileile, ukashika pindo kupima uzito wa pamba, huo una haja.

Desemba iliyopita aliingia mama mmoja mtu mzima, akairudia doti nyekundu mara tatu. Kwanza nilidhani ni bei. Kisha nikaona anainamisha kichwa kutazama lile jina lililoandikwa chini, macho yake hayasogei juu ya herufi. Hapo nikafahamu. Kanga hukunjwa dukani hata jina hufichika nusu, na asiyejua kusoma hawezi kumwuliza kijana mgeni mbele ya watu. Tena jambo lenyewe si dogo: kanga nyingine zina majina ya vijembe, na ukimpelekea mkweo kanga ya namna hiyo, yeye atasomewa na majirani, na ugomvi utaingia nyumbani.

Sikumwuliza kama anajua kusoma. Niliikunjua doti ile, nikaisoma kwa sauti ya kawaida kama mtu anayehesabu mali yake: "Hii inamsema jirani mwenye wivu." Nikaikunja. Nikakunjua ya pili, ya rangi ileile. "Hii ni ya kumshukuru mama. Shilingi 12,000, vipande viwili." Bei niliisema chini chini, maana walikuwapo wanunuzi wengine, na mtu akipungukiwa asiaibike.

Akauliza, "Imeandikwa mama hasa?" Nikamwonyesha neno lenyewe kwa kidole. Akalifuata kwa kidole chake, herufi moja moja, kisha akafungua fundo.

Siku za mnada duka likijaa, njia hii haifai sana, kwa sababu huwezi kuuona mkono wa kila mtu. Siku hizo mjomba hutundika kanga zikiwa zimekunjuliwa, jina likiwa nje.