Video yako ya Diani itokee mtu anapoitafuta YouTube

Tuseme unaendesha tuktuk Ukunda, na umerekodi safari nzima ya kutoka Mombasa: feri ya Likoni, matatu hadi Ukunda, kisha tuktuk hadi ufuoni Diani. Ukaipandisha YouTube kwa jina la "Raha za Pwani". Mtu wa Nakuru akiandika "jinsi ya kufika Diani kutoka Mombasa", huenda asiione kabisa.

YouTube huanza kwa kulinganisha maneno aliyoandika na kichwa cha video, maelezo yake na yaliyomo ndani. "Raha za Pwani" yaweza kuwa taarab, hoteli au harusi. Basi andika kichwa kwa maneno ya anayetafuta: "Jinsi ya kufika Diani kutoka Mombasa kwa feri na matatu". Nafasi ni herufi 100, lakini weka yaliyo muhimu mwanzo kwani kwenye simu mwisho hukatwa. Katika maelezo, sentensi mbili za kwanza zitaje Likoni, Ukunda na Diani. Tagi zisikusumbue, YouTube yenyewe inasema mchango wake ni mdogo, na husaidia zaidi pale watu wanapokosea tahajia.

Maneno hukuingiza tu kwenye orodha. Kinachokupandisha au kukushusha kwa sehemu kubwa ni muda ambao watu wanatazama. Tangu 2012 YouTube iliacha kutegemea idadi ya mibofyo pekee, kwa sababu kichwa cha uongo hubofywa sana na kuachwa upesi. Tena, muda huo hupimwa kwa kila utafutaji: waliouliza njia ya Diani, je, walikaa kwenye video yako au walirudi kutafuta nyingine? Ndiyo maana kuongeza "bei za hoteli" kwenye kichwa, hali video haizitaji, kutakuumiza. Aliyefuata hoteli ataondoka, na hilo litahesabiwa.

Kwa hiyo kata muziki na salamu ndefu za mwanzo. Ndani ya sekunde 15 sema: "Ukishuka feri Likoni, panda matatu ya Ukunda." Kisha onyesha stendi yenyewe, na pale Ukunda unaposhukia. Video ya dakika 4 inayotazamwa karibu yote ina nguvu kuliko ya dakika 12 inayoachwa sekunde ya 40.

Baada ya wiki chache fungua YouTube Studio kwenye kompyuta, chagua video hiyo, nenda Analytics, kisha Reach, utazame maneno yaliyowaleta watu. Kwenye Overview, mchoro wa utazamaji utakuonyesha wanapoondoka. Mchoro ukishuka ghafla pale unaposubiri feri, punguza kipande hicho kwa kihariri cha Studio. Ukiona wengi wameingia kwa "barabara ya Dongo Kundu", hao wana gari na hawana haja na feri wala matatu. Usiwabandikie neno hilo kwenye kichwa hiki. Warekodie video yao.