Oda ya Soko au Oda ya Limiti? Kwa Nini Hisa Iliyosoma 41.50 Ilikukata 43.38

Umeweka pesa kwenye akaunti yako ya uwekezaji, umefungua apu ya broka wako, na hisa unayoitaka inasoma shilingi 41.50. Unataka hisa 1,000, kwa hivyo unapiga hesabu ya 41,500 pamoja na ada. Unabonyeza kununua. Baadaye unaangalia taarifa na kuona umelipa 43,375 kabla ya ada. Hakuna aliyekuibia. Ile 41.50 ilikuwa bei ya mauzo ya mwisho, pengine ya jana au ya asubuhi, na aliyeuza kwa bei hiyo alishaondoka zake.

Bei unayolipa hutoka kwenye daftari la oda. Hapo, upande mmoja kuna wauzaji waliosema wanataka ngapi na kwa hisa ngapi, na upande wa pili kuna wanunuzi waliosema watatoa ngapi. Tuchukue mfano wa hisa ya Soko la Hisa la Nairobi ambayo haiuzwi sana; namba hizi ni za mfano tu. Upande wa wauzaji kuna hisa 200 kwa shilingi 42.00, hisa 300 kwa 42.75, hisa 400 kwa 44.00, na hisa 800 kwa 45.50. Upande wa wanunuzi, anayetoa bei ya juu zaidi anataka hisa 500 kwa 40.50, na nyuma yake kuna anayetaka 700 kwa 39.75.

Sasa, ukichagua "Market" kwenye skrini, hiyo ndiyo oda ya soko. Umeliambia soko: nipe hisa 1,000 sasa hivi, bei yoyote iliyopo. Ni kama kwenda Marikiti kutafuta kreti kumi za nyanya huku umeapa hurudi bila zote kumi. Wa kwanza ana kreti mbili za bei nzuri, zikiisha unaenda kwa wa pili, kisha wa tatu, na kila ukisogea bei inapanda. Hapa utachukua zile 200 kwa 8,400, zile 300 kwa 12,825, zile 400 kwa 17,600, na 100 za mwisho kwa 4,550. Jumla ni 43,375, yaani karibu shilingi 43.38 kwa kila hisa. Ukilinganisha na ile 41.50 uliyoona, umetoa shilingi 1,875 zaidi. Na kwa kuwa ada ya broka hukatwa kama asilimia ya thamani ya biashara, nayo imepanda kidogo.

Ukichagua "Limit", unaandika bei ya juu kabisa uko tayari kulipa. Tuseme umeandika 42.75. Wengi hudhani watalipa 42.75 kwa kila hisa, lakini sivyo. Limiti ni dari. Hisa 200 za kwanza utazipata kwa 42.00 kwa sababu ndiyo bei iliyokuwepo, na 300 zinazofuata kwa 42.75. Umepata hisa 500 kwa 21,225, wastani wa 42.45. Muuzaji wa 44.00 hataguswa.

Je, zile 500 zilizobaki? Oda yako inakaa kwenye daftari, sasa upande wa wanunuzi, ikitangaza kwamba kuna mtu anataka hisa 500 kwa 42.75. Kwa kuwa hakuna mnunuzi mwingine anayetoa bei hiyo, uko mbele ya foleni. Akija mtu anayetaka kuuza haraka, atauza kwako. Asipokuja, hupati kitu. Bei ikipanda hadi 46 utabaki na nusu ya ulichotaka huku ukiitazama ikienda. Hiyo ndiyo gharama ya limiti, na haionyeshwi kwenye taarifa yoyote kwa sababu ni biashara ambayo haikufanyika.

Kuna gharama nyingine ambayo watu huigundua wakiwa wamechelewa. Oda iliyoachwa wazi haijui habari. Umeweka limiti ya kununua kwa 41.00, umechagua "GTC", yaani ibaki hadi uifute mwenyewe, kisha ukaisahau. Wiki mbili baadaye kampuni inatoa matokeo mabaya na wenye hisa wanakimbilia kuuza. Oda yako ya 41.00 inajazwa mara moja, na kabla ya jioni hisa inauzwa kwa 38.50. Ukichagua "Day", oda inakufa soko likifungwa na kesho unaamua upya. Kwa mtu asiyekaa mbele ya skrini, mimi ningeanza na "Day".

Kwenye kuuza mambo ni yale yale, ila yamegeuzwa: limiti yako inakuwa sakafu. Chukua mtu mwenye hisa 600 za mfano wetu ambaye anahitaji karo. Akiuza kwa oda ya soko, 500 zitaenda kwa 40.50 na 100 kwa 39.75, jumla 24,225. Kama alikuwa anahesabu kwa 41.50, alitarajia 24,900. Hata hivyo huenda huu ndio uamuzi sahihi kwake. Malipo ya hisa Nairobi hukamilika siku ya tatu ya kazi baada ya biashara, kwa hivyo kila siku anayongojea mnunuzi wa 41.50 inasogeza pesa mbali zaidi na tarehe ya karo.

Si kila hisa ina shida hii. Kwa hisa kama Safaricom, ambako maelfu ya hisa hupangwa kwa kila bei na hatua kati ya bei ni senti chache, oda ya soko ya mtu wa kawaida mara nyingi hujazwa yote kwa bei ya kwanza. Shida iko kwenye hisa zinazokaa hata siku nzima bila mauzo. Kabla ya kubonyeza, angalia vitu viwili: pengo kati ya anayenunua kwa bei ya juu zaidi na anayeuza kwa bei ya chini zaidi, na idadi ya hisa zilizopo kwenye ile bei ya kwanza. Kwenye mfano wetu pengo ni shilingi 1.50 na bei ya kwanza ina hisa 200 tu. Oda ya soko ya hisa 1,000 hapo ni ghali. Ya hisa 100 haina neno. Itajazwa yote kwa 42.00.

Na usitume oda ya soko usiku ukiwa kitandani. Soko limefungwa, na daftari utakalokutana nalo asubuhi hujaliona. Soko la Nairobi huwekea bei mpaka wa asilimia 10 kwa siku, lakini asilimia 10 ya 42,000 ni shilingi 4,200.

Ukitaka kununua leo bila kushtuliwa na bei, tumia limiti iliyo sawa na bei ya muuzaji wa kwanza au juu yake kidogo. Hisa zilizopo utazipata papo hapo, kama kwa oda ya soko, ila dari yako inazuia kupanda hadi 45.50. Zinazobaki, unaweza kupandisha bei, kungoja, au kufuta oda. Kumbuka tu kwamba pesa za oda ambayo haijajazwa huenda zikashikiliwa hadi uifute, kwa hivyo salio likionekana pungufu, angalia kwanza oda zako zilizo wazi kabla ya kumpigia broka.