SOMO: BARUA KWA MWENYE NYUMBA



Mwenzetu mmoja alihama Base Camp, Nakivale, akapanga nyumba Mbarara mjini. Tangi la choo likawa linavuja, na bomba la mvua bafuni likavunjika. Alimwambia mwenye nyumba kwa mdomo mara tatu. Kila mara alijibiwa, "Nitaona." Neno la mdomo halina tarehe, wala halina shahidi. Ndipo tukaandika barua.

Kabla ya kuandika, pima. Tia bluu ya kufulia ndani ya tangi, kaa robo saa bila kuvuta maji. Rangi ikionekana bakulini, mpira wa chini ya tangi haufungi. Maji yakimwagika kwa juu kupitia bomba la kufurikia, kosa ni la boya.

Kisha soma mita. Ndugu yetu alifunga mabomba yote saa 4 usiku, akasoma tena saa 11 alfajiri bila mtu kutumia maji. Zilipita lita 70 katika saa 7, yaani lita 10 kila saa. Kwa siku ni lita 240. Kwa siku 30 ni lita 7,200, sawa na madumu 360 ya lita 20. Shirika la maji hutoza kwa yuniti ya lita 1,000, kwa hiyo alikuwa akilipia yuniti 7 na zaidi bure. Kama mita ni ya wapangaji wengi, nao wafunge usiku huo.

Barua ikawa hivi:

"Mbarara, 3 Machi 2025.
Kwa Mzee, mwenye nyumba.
Salaam. Mimi ni mpangaji wako wa nyumba namba 4. Tangi la choo linavuja tangu tarehe 10 Februari kwa sababu mpira wa chini haufungi. Usiku wa tarehe 1 Machi zilipotea lita 70 kwa saa 7. Pia koki ya bomba la mvua imevunjika, haifunguki, nasi tunaoga kwa ndoo. Naomba umlete fundi kabla ya tarehe 17 Machi. Jioni baada ya saa 11 nipo nyumbani. Naomba pia tuzungumze juu ya bili ya maji yaliyopotea.
Mpangaji wako."

Angalia: kosa, tarehe, kipimo, ombi na siku ya mwisho. Hakuna tusi. Andika nakala mbili. Mwenye nyumba atie sahihi kwenye yako. Akikataa, mpelekee mbele ya shahidi.

Usizuie kodi, wala usitengeneze na kukata gharama bila makubaliano ya maandishi. Utampa sababu ya kukuita mdaiwa. Siku ikipita kimya, chukua nakala, mkataba na risiti uende kwa mwenyekiti wa LC1. Uganda ina Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022, na shauri likishindikana mtaani hupelekwa mahakamani. Huko kote, karatasi yako ndiyo itakayosema.