Dondoo muhimu: Nafasi ya 30 si 30 kwenye Python

Faili la malipo la ACH la Marekani halina koma wala vichwa vya safu. Kila mstari una herufi 94, na kila taarifa ina mahali pake. Kwenye mistari inayoanza na 6, mwongozo unasema kiasi kiko nafasi ya 30 hadi 39, kwa senti. Mwongozo huhesabu kuanzia moja. Python huanzia sifuri na haichukui nafasi ya mwisho uliyoitaja. Kwa hiyo punguza moja mwanzoni, mwisho uache ulivyo:

```
kiasi = int(line[29:39])
```

Ukiandika `line[30:40]`, unapoteza sifuri ya mbele na kubeba herufi ya kwanza ya namba ya mlipwaji. Dola 1,250.00 huandikwa `0000125000`. Namba ya mlipwaji ikianza na 7, utasoma `0001250007`, yaani dola 12,500.07. Ikianza na herufi A, programu itagoma, na hiyo ni nafuu. Ikianza na nafasi tupu, `int()` huipuuza na jibu hutoka sahihi, ndiyo maana faili la majaribio linaweza kupita bila kasoro.

Usiamini macho. Jumlisha malipo ya kila kundi, kisha linganisha na mstari wake unaoanza na 8: jumla ya fedha zinazoingizwa kwenye akaunti iko nafasi ya 33 hadi 44, yaani `line[32:44]`. Zikitofautiana hata senti moja, usiingize faili hilo kwenye vitabu.